Punguzo la Bei: Ziuzwe Ngapi Zaidi Ili Ofa Ijilipe?

Punguzo la bei humgharimu mwenye duka kabla halijamletea chochote. Siku bei mpya inapobandikwa, kila mteja ambaye angenunua kwa bei ya zamani anaondoka na bidhaa ileile kwa fedha pungufu, na pengo hilo lipo hata kama hajaongezeka mnunuzi hata mmoja. Mauzo ya ziada ndiyo yanayopaswa kuliziba. Kwa hiyo swali la kujibiwa kabla ya kutangaza ofa ni hili: ziuzwe bidhaa ngapi zaidi ya kawaida ili duka libaki na kiasi kilekile ambacho lingebaki nacho bila ofa? Idadi hiyo inaweza kuitwa kiwango cha sare. Mauzo yakiishia chini yake, ofa imekula faida. Yakivuka, ndipo ofa inaanza kuleta kitu.

Chukua duka la kanga katika mtaa wa biashara kama Kariakoo, Dar es Salaam. Tarakimu zinazofuata ni za mfano, zimechaguliwa ziwe rahisi kufuata. Doti moja inauzwa shilingi 20,000. Kuinunua kwa jumla na kuifikisha dukani kunagharimu shilingi 14,600. Kuna gharama nyingine ndogo zinazoifuata kila doti inayouzwa: mfuko wa kumfungia mteja, ambao tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku Tanzania Juni 2019 si kitu cha senti tena, pamoja na makato pale muuzaji anapolipwa kwa simu. Tuseme hizo ni shilingi 400. Jumla ni 15,000, na kinachobaki katika kila doti ni shilingi 5,000. Hiyo ndiyo faida ghafi ya doti moja. Humo ndimo inamotoka kodi ya pango, umeme, mshahara wa msaidizi na riziki ya mwenye duka.

Kwa mwezi wa kawaida duka linauza doti 120, yaani doti nne kwa siku. Faida ghafi ya mwezi ni 120 mara 5,000, sawa na shilingi 600,000. Pango na mshahara havibadiliki kwa sababu ya ofa, kwa hiyo katika hesabu hii vinaweza kuachwa kando. Kinachotakiwa ni kwamba baada ya ofa zile 600,000 ziwe bado zipo.

Sasa mwenye duka anatangaza punguzo la asilimia 10. Bei inashuka hadi 18,000. Gharama ya doti haishuki. Msambazaji hajui habari za ofa na mfuko ni uleule. Faida ghafi ya doti inakuwa 3,000. Bei imepungua kwa asilimia 10 tu, lakini faida ghafi imepungua kwa asilimia 40, kwa sababu shilingi 2,000 zote zilizopunguzwa zimetoka katika zile 5,000. Ukigawa 600,000 kwa 3,000 unapata 200. Duka lililozoea kuuza doti 120 sasa liuze 200 ili lirudi palepale lilipokuwa. Ni doti 80 zaidi, ongezeko la karibu asilimia 67.

Hesabu hiyohiyo inaweza kutazamwa kwa upande mwingine, na upande huu ndio unaoonyesha mahali fedha zinapopotelea. Katika zile doti 200, doti 120 zingeuzwa hata bila ofa. Kila moja ya hizo imepoteza shilingi 2,000, jumla 240,000. Doti 80 za ziada zimeleta 3,000 kila moja, jumla 240,000. Pengo limezibwa, lakini hakuna kilichozidi. Kwa hiyo kanuni ni fupi: zidisha kiasi cha punguzo kwa mauzo ya kawaida, kisha gawa kwa faida ghafi inayobaki baada ya punguzo. Jibu ni idadi ya bidhaa za ziada. Anayependa asilimia ataiandika hivi:

ongezeko linalotakiwa = punguzo ÷ (faida ghafi − punguzo)

Hapa punguzo na faida ghafi vyote vinapimwa kama asilimia ya bei ya kuuzia. Faida ghafi ya 5,000 katika bei ya 20,000 ni asilimia 25. Punguzo ni 10. Kumi gawa kwa 15 ni 0.67, ndiyo ile asilimia 67.

Umbo la kanuni hii ndilo linalowaumiza wengi. Punguzo linaonekana juu ya mstari na chini yake pia, hivyo likiongezeka kidogo mahitaji ya mauzo yanapanda kwa kasi kuliko mtu anavyotarajia. Katika duka hilihili, punguzo la asilimia 5 linahitaji doti 150. La asilimia 10, doti 200. La asilimia 15, doti 300. La asilimia 20 linaacha shilingi 1,000 tu kwa kila doti, na hapo zinahitajika doti 600, mara tano ya mauzo ya kawaida. Kutoka asilimia 15 kwenda 20 ni hatua ya shilingi elfu moja kwenye bango, lakini imeongeza doti 300 kwenye lengo. Punguzo la asilimia 25 linafuta faida ghafi yote, na hakuna idadi yoyote ya mauzo inayoweza kulifidia.

Kwa sababu hiyo punguzo la asilimia fulani haliwezi kuitwa dogo au kubwa bila kutajwa bidhaa. Dumu la lita tano la mafuta ya kupikia linalouzwa shilingi 30,000 huku likimwachia muuzaji 2,400 lina faida ghafi ya asilimia 8. Ukipunguza asilimia 5, ambazo mteja atazichukua kama heshima tu, umetoa 1,500 na umebaki na 900. Ili usipoteze, yale madumu sita uliyokuwa ukiuza yawe 16. Kinyume chake, muuza juisi ambaye glasi ya shilingi 1,000 inamgharimu matunda, sukari na barafu ya shilingi 300 anaweza kupunguza asilimia 10 akahitaji ongezeko la asilimia 17 tu, yaani glasi saba badala ya kila sita. Anayeiga ofa ya mwenzake bila kulinganisha faida ghafi za bidhaa zao anaiga namba isiyomhusu.

Kosa la kwanza katika kupiga hesabu hii linatokana na desturi ya sokoni yenyewe. Wafanyabiashara wengi hupima faida kwa kuilinganisha na bei ya kununulia. Kwa hesabu hiyo, doti ya kanga iliyogharimu 15,000 na kuuzwa 20,000 ina faida ya asilimia 33, na hesabu yao si batili. Lakini punguzo hupimwa kutoka bei ya kuuzia. Mtu akichanganya vipimo hivyo viwili, ataona kwamba akitoa asilimia 20 katika 33 atabaki na 13. Ukweli ni kwamba bei ya 16,000 kwa gharama ya 15,000 inaacha chini ya asilimia saba kwa kipimo chake mwenyewe. Akithubutu kutoa asilimia 30, akiamini bado ana tatu mkononi, atakuwa anauza kwa 14,000 kitu kilichomgharimu 15,000. Tiba ni kuacha asilimia na kuhesabu kwa shilingi: bei mpya toa gharama, baki ngapi?

Kosa la pili liko katika gharama yenyewe. Bei ya kununulia inayopaswa kuingia katika hesabu ni ile ya mzigo utakaofuata, siyo ya mzigo uliopo rafuni, ikiwa bei za jumla zimeshapanda. Kama robota jipya litafika kwa gharama ya 15,600 kwa doti, basi pamoja na zile 400 gharama ni 16,000, na doti inayouzwa kwa 18,000 inaacha 2,000 badala ya 3,000. Mwenye duka anayetumia risiti ya miezi mitatu iliyopita atajiona ana faida hadi siku atakaporudi kwa msambazaji na kukuta fedha ya doti 100 inanunua chache kuliko hizo.

Kodi ya ongezeko la thamani nayo huvuruga hesabu kwa waliosajiliwa kuilipa. Kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, na Kenya ni asilimia 16. Kama bei ya bango ni 23,600 kodi ikiwemo, bei ya duka ni 20,000, na zile 3,600 ni za serikali zinazopita mkononi. Punguzo la asilimia 10 la bango ni 2,360, ambapo 2,000 zinatoka kwa duka na 360 ni kodi isiyokusanywa. Hesabu ya kiwango cha sare ifanyike kwa bei zisizo na kodi, upande wa kuuza na upande wa kununua. Anayetoa gharama isiyo na kodi katika bei yenye kodi anajiona na faida ghafi ya 8,600, na kwa namba hiyo karibu kila ofa itaonekana inawezekana.

Mpaka hapa ofa imehesabiwa kana kwamba haina gharama nyingine zaidi ya punguzo. Kwa kawaida zipo. Tuseme bango na vipeperushi vimechukua shilingi 90,000, na kijana wa kusaidia siku zenye watu wengi amelipwa 60,000. Hizo 150,000 zitatoka katika faida ghafi mpya, si ya zamani: 150,000 gawa kwa 3,000 ni doti 50. Lengo sasa ni doti 250, zaidi ya maradufu ya mauzo ya kawaida. Bango lililogharimu 90,000 lingelipwa na doti 18 wakati wa bei ya kawaida. Wakati wa ofa linalipwa na doti 30.

Pia lengo lenyewe linahitaji mzigo. Doti 250 kwa 14,600 ni shilingi 3,650,000, wakati mauzo ya kawaida ya mwezi yanahitaji 1,752,000. Tofauti ni karibu milioni 1.9 za mtaji zinazopaswa kuwepo kabla ya ofa kuanza. Duka lisilo nazo litaishiwa katikati ya mwezi, na hapo litakuwa limepunguza bei ya doti ambazo zingeuzwa zote kwa 20,000. Kama mzigo uliopo ni doti 160 na hakuna njia ya kuongeza, hakuna haja ya kuhesabu zaidi: lengo la 200 haliwezi kufikiwa hata wateja wakijaa hadi barabarani.

Kinachowafanya wenye maduka wasione hasara ya ofa ni wingi wa fedha droo inapofungwa jioni. Tuseme mwezi wa ofa uliuza doti 180. Fedha zilizoingia ni 3,240,000, badala ya 2,400,000 za mwezi wa kawaida. Hilo ni ongezeko la asilimia 35, duka lilikuwa na watu, na msaidizi alichoka. Lakini 180 mara 3,000 ni 540,000, pungufu ya 60,000 kuliko mwezi mtulivu. Ukitoa na zile 150,000 za bango na kijana, zimebaki 390,000. Sehemu kubwa ya kilichomo katika droo ni mtaji wa kununulia mzigo mwingine, na siku ile ya kununua ndipo pengo hujitokeza. Anayepima ofa kwa mauzo peke yake ataiona kila ofa imefanikiwa.

Sehemu ngumu zaidi ya hesabu hii haimo katika kugawa na kuzidisha. Imo katika namba moja iliyochukuliwa hapo juu kama kitu kinachojulikana: zile doti 120 ambazo zingeuzwa bila ofa. Hakuna risiti inayoziandika, kwa sababu mwezi wenyewe haukupita bila ofa. Lazima zikadiriwe, na makadirio mabaya hapa yanaweza kugeuza hasara ikasomeka faida.

Mfano mzuri ni ofa ya Ramadhani. Kanga hutoka sana kuelekea Idi. Tuseme katika duka hili mwezi huo huuza doti 180 bila punguzo lolote. Mwenye duka anatoa asilimia 10, anauza doti 260, anazilinganisha na zile 120 za mwezi uliotangulia, anaona amevuka lengo la 200 na kuzidi kwa 60. Lakini msingi sahihi ulikuwa 180. Bila ofa angepata 180 mara 5,000, yaani 900,000. Kwa ofa amepata 260 mara 3,000, yaani 780,000. Amepoteza 120,000, bado bango halijahesabiwa. Lengo lake halisi lilikuwa doti 300.

Wala haitoshi kufungua daftari la mwaka jana na kutazama mwezi wenye jina lilelile. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kawaida kwa takriban siku 11, hivyo Ramadhani husogea nyuma kila mwaka. Mauzo ya Ramadhani yalinganishwe na ya Ramadhani iliyopita, popote ilipoangukia katika kalenda ya ukutani. Kisha yarekebishwe kwa hali ya mwaka: kama miezi mitatu kabla ya ofa duka lilikuwa likiuza asilimia 10 zaidi ya mwaka jana, msingi nao uongezwe asilimia 10. Mwenye maduka mawili yanayofanana ana njia iliyo bora kuliko zote, nayo ni kuweka ofa katika duka moja na kuacha jingine kwa bei ya kawaida. Duka la pili litamwambia kwa karibu kile ambacho la kwanza lingeuza.

Makadirio ya msingi pia yanapaswa kutazama mwezi unaofuata. Baadhi ya wateja wa ofa hawakununua zaidi, walinunua mapema. Mama aliyekuwa na harusi mwezi ujao amechukua kanga zake sasa kwa 18,000 na mwezi ujao hatakuja. Tuseme ofa imeuza doti 220, faida ghafi 660,000, na bila gharama za matangazo inaonekana imezidi kwa 60,000. Mwezi uliofuata mauzo yakashuka hadi 90. Doti 30 zilizokosekana zingeleta 5,000 kila moja, kwa hiyo 150,000 zimeondoka, na kwa miezi miwili pamoja duka limepoteza 90,000. Dalili ya jambo hili ni bonde katika mauzo mara baada ya ofa kuisha. Linakuwa refu zaidi kwa vitu vinavyohifadhika na kutumika kila siku, kama sabuni, mchele na mafuta, ambavyo familia huvijaza stoo bei ikishuka kisha ikakaa wiki kadhaa bila kununua. Kwa mkate na maziwa halionekani sana, maana hakuna anayeweza kula mkate wa wiki mbili zijazo.

Vivyo hivyo kuna mnunuzi anayehama rafu. Aliingia kuchukua kitenge ambacho kingeacha 8,000, akaona bango, akatoka na doti ya kanga inayoacha 3,000. Katika daftari la kanga yeye ni mteja wa ziada, lakini katika duka zima amepunguza 5,000. Kwa upande wa heri, yupo aliyeletwa na bango akaongeza mtandio wenye faida ghafi ya 2,000, na kwa huyo doti ya ofa imeacha 5,000 kamili. Maduka makubwa yanayouza sukari karibu na bei ya kununulia hutegemea wateja wa aina hii ya pili. Hesabu yao inasimama endapo tu kikapu chote cha mteja kina vitu vingine vyenye faida. Njia ya kujua ni kutazama risiti, siyo kukisia: kama risiti nyingi za siku za ofa zina bidhaa ya ofa peke yake, hakuna kikapu.

Kwa kuwa hasara ya ofa yote hutokana na kuwapunguzia wale ambao wangenunua vilevile, punguzo linalowakwepa hao lina lengo dogo zaidi. Bei ya doti mbili za kwanza ikibaki 20,000, na ya tatu ikawa 16,000, mteja analipa 56,000 kwa mzigo wa 45,000 na duka linabaki na 11,000. Anayenunua moja hajapunguziwa chochote. Hasara ipo tu kwa yule ambaye angechukua tatu hata hivyo, na huyo amegharimu 4,000 kwa zote tatu badala ya 6,000. Ila ofa inayofanana nayo kwa sura, ile ya kununua mbili na kupewa ya tatu bure, ni jambo jingine kabisa: mteja analipa 40,000 kwa mzigo wa 45,000. Ni punguzo la theluthi moja, kubwa kuliko faida ghafi yote ya bidhaa hii, na kila anayeikubali anaondoka na 5,000 za duka.

Njia nyingine ni kumfanya msambazaji abebe sehemu ya mzigo. Akikubali kushusha bei ya jumla kwa 1,000 kwa doti zitakazouzwa wakati wa ofa, faida ghafi inakuwa 4,000 na lengo linarudi kutoka 200 hadi 150. Shilingi elfu moja kwa msambazaji imeondoa doti 50 kwenye lengo, na ndiyo maana mazungumzo hayo yafanyike kabla ya bango kuchapishwa, wakati bado kuna nafasi ya kusema ofa haitakuwepo.

Hesabu hii yote ina mpaka wake, nao ni mzigo uliokwama. Kanga ambazo muundo wake umepitwa na zimekaa rafuni mwaka mzima hazina tena gharama ya 15,000 katika uamuzi wa leo, kwa kuwa fedha hiyo ilishatoka na haitarudi kwa kusubiri. Kinachohesabika ni kile ambacho zingeleta kwa njia nyingine. Kama mchuuzi yuko tayari kuzichukua zote kwa 11,000 kila moja, basi bei yoyote inayoacha zaidi ya 11,000 baada ya mfuko na makato inafaa, hata 13,000, na hakuna kiwango cha sare cha kutafuta. Bidhaa zinazokaribia tarehe ya kuisha muda zinafuata mantiki hiyohiyo, isipokuwa thamani yake mbadala inaweza kuwa sifuri. Hatari iliyopo ni kuihamishia hesabu hii kwenye bidhaa nzima zinazotoka vizuri, kwa kisingizio cha kuzungusha mtaji.

Ofa ikishaanza, kiwango cha sare kinagawanywa kwa siku. Katika mwezi wa siku 30, doti 200 ni karibu saba kwa siku, na doti 250, zenye bango na kijana ndani yake, ni kati ya nane na tisa. Namba hizi mbili zinajibu maswali mawili tofauti. Ya juu inasema kama ofa nzima itakuwa imelipa. Ya chini inasema kama inafaa kuendelea kesho, kwa sababu fedha ya bango imeshatumika na haitarudi hata ofa ikisitishwa leo. Kijana anayelipwa kwa siku bado anaweza kusimamishwa, kwa hiyo ujira wake wa siku zilizobaki uongezwe kwenye namba ya chini. Duka linalouza doti sita kwa siku linaingiza 18,000 za faida ghafi mahali ambapo doti nne kwa bei ya kawaida zingeingiza 20,000. Kila siku ya kuendelea inaongeza hasara ya 2,000 au zaidi, na ofa isitishwe. Linalouza nane kwa siku linaingiza 24,000. Halitafikia doti 250, kwa hiyo bango na kijana havitarudi vyote, lakini maadamu ujira wa kijana kwa siku hauzidi zile 4,000 za ziada, kuisitisha ofa sasa kungefanya pengo liwe kubwa zaidi.